Kona na kadi: maswali ninayoulizwa sana na wanaosuka mikeka

Wikiendi haipiti bila mtu kunitumia picha ya mkeka wa kubeti uliochanika, na siku hizi mara nyingi aliyeuchana si mfungaji. Ni kona moja iliyokosekana, au kadi ya dakika ya 93 ambayo haikuhesabiwa. Maswali yanajirudia, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mechi ya uhakika siuzi. Mifano mingi ni ya Uingereza na Kombe la Dunia kwa kuwa takwimu zake zinapatikana kirahisi.

Refa alionyesha kona, mbona haikuhesabiwa?

Kwa sababu kampuni za kubeti karibu zote huhesabu kona iliyopigwa, si iliyotolewa. Nimelijua hili kwa maumivu. Nilikuwa na juu ya 9.5, yaani nahitaji kona 10 au zaidi, kona tisa zimeshapigwa, dakika za nyongeza zinaisha. Beki anautoa mpira, mshika kibendera anaelekeza kwenye kona, nami nimeshasimama kwenye kiti. Winga anakimbilia mpira, anauweka, refa anaangalia saa na kupuliza filimbi. Kwenye skrini ya runinga iliandikwa kona 10. Kwenye mkeka zilikuwa 9. Nilipiga simu kulalamika, nikasomewa kanuni ambayo nilikuwa nimeikubali siku najisajili bila kuisoma.

Kona inayorudiwa, kwa mfano wachezaji wamesukumana kabla ya mpira kupigwa na refa akasimamisha, huhesabiwa mara moja tu. Na kama hukuandikiwa vinginevyo, hesabu inaishia dakika 90 pamoja na za majeruhi. Dakika 30 za ziada hazimo.

Kadi zinahesabiwaje? Mbona wengine wanasema pointi?

Kuna mitindo miwili. Wa kwanza unahesabu kadi zenyewe: njano ni moja, nyekundu ni mbili. Wa pili ni wa pointi: njano ni 10, nyekundu ni 25. Mchezaji anayetolewa kwa njano mbili, kwa kawaida ile njano ya pili haihesabiwi peke yake. Anahesabiwa njano ya kwanza na nyekundu, yaani pointi 35, au kadi tatu kwa mtindo wa kwanza, na hapo ndipo kikomo chake.

Zinazoachwa nje ndizo zinazoleta ugomvi: kadi ya kocha na wasaidizi wake, ya mchezaji aliyekwisha kutolewa uwanjani, na inayotolewa baada ya filimbi ya mwisho. Tangu mwaka 2019 sheria za mpira zinamruhusu refa kuonyesha kadi hata kwa benchi la ufundi, kwa hiyo runingani utaona kadi nyingi kuliko zitakazolipwa.

Nipe mfano wa mechi halisi.

Hakuna mzuri kuliko Uholanzi na Argentina, robo fainali ya Kombe la Dunia, Lusail, tarehe 9 Desemba 2022. Refa alikuwa Mhispania Antonio Mateu Lahoz. Mechi iliisha 2-2, Argentina wakapita kwa penalti 4-3, na kadi za njano zilizoorodheshwa ni 18. Mtu wa kawaida anasema: aliyeweka juu ya kadi zozote alikula. Tuzipunguze kama kampuni inavyozipunguza.

Mbili zilikwenda kwa benchi la Argentina, kocha Scaloni na msaidizi wake Walter Samuel. Zitoe, zimebaki 16. Bergwijn, Montiel na Pezzella walipewa zao katika dakika 30 za ziada. Zimebaki 13. Noa Lang na Denzel Dumfries, aliyepewa mbili na kutolewa, walizipata penalti zikiwa zimefikiwa. Zimebaki 10. Na kati ya hizo 10, moja ni ya Wout Weghorst, aliyeonyeshwa kadi mwishoni mwa kipindi cha kwanza akiwa bado kwenye benchi. Aliingia baadaye na kufunga mabao yote mawili, ila wakati wa kadi alikuwa mchezaji wa akiba. Kampuni moja itaihesabu, nyingine haitaihesabu.

Kwa hiyo kutoka 18 tumefika 10 au 9. Kwa pointi, 100 au 90. Aliyekuwa na juu ya 5.5 alikula bila wasiwasi, lakini aliyejaribu bahati na juu ya 9.5 hatima yake ilikuwa kwenye mstari mmoja wa kanuni kuhusu wachezaji wa akiba.

Angalia pia dakika, maana nitazirudia chini. Mpaka dakika ya 75 kulikuwa na kadi nne tu za wachezaji. Sita zilizobaki zilikuja kuanzia dakika ya 76, na nne kati ya hizo ni baada ya Weghorst kufunga bao la 2-1 dakika ya 83.

Wastani wa kona ni 10 kwa mechi. Basi juu ya 9.5 si pesa ya bure?

Ingekuwa hivyo wangekuwa wamefunga duka. Tuseme umefanya kazi yako vizuri na wastani wa kona 10 kwa mechi hiyo ni sahihi kabisa. Kona hazigawanyiki sawasawa, kuna mechi ya 5 na kuna mechi ya 16. Ukitumia hesabu ya Poasoni, inayokadiria uwezekano wa kila idadi kutokana na wastani, na ambayo kwa kona inakaribia ukweli ingawa mechi halisi hutawanyika zaidi kidogo, uwezekano wa kupata 10 au zaidi ni kama asilimia 54. Uwezekano wa 11 au zaidi ni kama asilimia 42.

Sasa odi. Mara nyingi utakuta juu 1.85 na chini 1.85. Gawa 1 kwa 1.85, unapata 0.54. Yaani unatakiwa upatie asilimia 54 ya mikeka ndipo usipate wala usipoteze. Pande zote mbili zikijumlishwa ni asilimia 108, na hizo 8 za juu ndizo mshahara wa kampuni. Umefanya kazi yote ile, wastani wako uko sahihi, na bado umesimama palepale. Kwenye masoko ya mshindi wa ligi kubwa makato huwa madogo zaidi. Kwenye kona na kadi hukaza. Ukiongeza mechi tano kwenye mkeka mmoja, makato hayo yanazidishana.

Timu kubwa ikiwa nyumbani, si ndiyo mechi yenye kona nyingi?

Inategemea bao la kwanza limeingia lini na upande gani. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Kona huzaliwa pale mtu anaposhambulia na mwingine anaokoa kwa shida: krosi inagonga beki, shuti linazuiwa, kipa anautema mpira nje. Timu inayohitaji bao inafanya hivyo mara nyingi. Timu yenye bao haina haraka. Sasa chukua mwenyeji mkubwa mwenye odi ya 1.30. Umeweka kona zake juu ya 6.5. Dakika ya 5 anafunga, dakika ya 25 anaongeza la pili. Umefurahi, lakini mkeka wako umeanza kupasuka. Kuanzia hapo atapasiana katikati, kocha atapumzisha winga dakika ya 60, na mgeni aliyekuja kupaki basi bado hatoki, anaogopa la tatu. Mechi inaisha 3-0 na kona zake ni nne.

Geuza: mgeni anafunga kwa shambulizi la kushtukiza dakika ya 20, halafu wote kumi wanarudi nyuma. Mwenyeji sasa ana dakika 70 za kugonga ukuta. Krosi baada ya krosi, na kona moja huzaa nyingine maana beki akiutoa kwa kichwa mpira unarudi palepale. Mchanganyiko wa timu bora iliyo nyuma kwa bao moja ndio unaoleta kona kuliko wote. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 1999 pale Kampu Nou inaonyesha ncha yake. Bayern walifunga dakika ya 6 kupitia Basler, wakaishika mechi mpaka dakika za nyongeza. Manchester United wakapata kona mbili ndani ya dakika hizo, zote zilipigwa na Beckham, na zote zikaishia wavuni, Sheringham kisha Solskjaer. Hata kipa Schmeichel alipanda kwa ile ya kwanza. Watu wanakumbuka mabao. Mimi nakumbuka kwamba timu iliyokuwa nyuma ndiyo iliyokuwa inapata kona.

Timu dhaifu ikiwa nyuma ni habari nyingine. Inataka kushambulia lakini haifiki. Usiipe kona kwa sababu tu inafungwa.

Nikibeti laivu, nitajuaje kama bado kuna nafasi?

Usiangalie kona zilizopigwa peke yake, kadiria zilizobaki. Mapumziko, kona ni 4, nawe unafikiria juu ya 9.5. Zinahitajika 6. Kipindi cha pili huwa na kona nyingi kidogo kuliko cha kwanza: timu zimechoka, dakika za nyongeza ni nyingi, na aliye nyuma anabanwa na saa. Tuseme kwa mechi ya kawaida unatarajia 5.5. Uwezekano wa kupata 6 au zaidi ni kama asilimia 47. Lakini kama timu bora iko nyuma 0-1 na unaamini matarajio yamepanda hadi 6.5, uwezekano unaruka hadi asilimia 63 hivi. Kona moja tu ya matarajio imebadilisha dau baya kuwa zuri.

Tatizo ni kwamba kampuni nayo inajua matokeo. Odi ya laivu imeshazingatia kwamba mwenyeji yuko nyuma. Usichokiona wewe kwenye takwimu ndicho walichokwisha kukiweka. Nafasi, kama ipo, iko kwenye vitu ambavyo namba haijavisoma bado: kocha amemtoa kiungo mkabaji akaingiza winga wa pili, au upepo unavuma kuelekea lango moja na kila mpira mrefu unatoka nyuma ya goli. Ukiangalia kwenye simu kwa picha iliyochelewa sekunde 20, hata hizo umezikosa.

Kadi nazo hubadilika na matokeo?

Sana, ila kwa njia tofauti. Kona hufuata anayehitaji bao. Kadi hufuata mechi ambayo bado ina ubishi. Sare, au tofauti ya bao moja kuanzia dakika ya 70, ni wakati wa kadi: aliye mbele anachelewesha kurusha mpira na kulala chini, aliye nyuma anamzonga refa, na kila shambulizi la kushtukiza linakatwa kwa kuvutwa jezi maana hakuna anayetaka kuadhibiwa kwa bao. Rudi Lusail uone: Paredes, Argentina wakiongoza 2-1, anafanya faulo kisha anaupiga mpira kwenye benchi la Uholanzi, Van Dijk anakuja na kumwangusha. Mechi ikiwa 4-0 tukio hilo halitokei.

Matokeo ya 3-0 huzima kadi. Wachezaji wanamsubiri refa amalize, na refa mwenyewe faulo ileile aliyoipa njano mapema sasa anaimaliza kwa maneno. Isipokuwa mechi ya watani. Aliyefungwa 3-0 na mtani wake anaweza kutafuta mguu wa mtu.

Dakika za mwanzo pia zina tabia yake. Marefa wengi hawapendi kutoa kadi ndani ya dakika 15 za kwanza kwa faulo ya kawaida, kwa sababu wakishaweka kiwango hapo watalazimika kukifuata dakika 75 zilizobaki. Kipindi cha kwanza bila kadi hakimaanishi mechi haina kadi. Hesabu faulo. Kama zimefika 14 na refa anaongea tu, akiba yake ya maneno inakwisha.

Refa fulani ana wastani wa kadi 5 kwa mechi. Niamini?

Amini nusu. Uliza kwanza: mechi ngapi? Tuseme wastani wa ligi ni 4 na huyu ana 5 katika mechi 10. Kadi hupanda na kushuka kama mbili hivi kutoka mechi hadi mechi, kwa hiyo katika mechi 10 bahati peke yake inaweza kumsogeza zaidi ya nusu kadi. Mimi hufanya hivi: namwongezea mechi 20 za kubuni zenye wastani wa ligi. Mechi 10 mara 5 ni 50, mechi 20 mara 4 ni 80, jumla 130, gawa kwa 30. Napata 4.3. Hiyo ndiyo namba ninayoitumia. Akifika mechi 100 zake mwenyewe, hizo 20 hazina uzito mkubwa tena. Kwa nini 20 na si 30? Ni jicho tu, mwingine atachagua tofauti na hatakuwa amekosea.

Swali la pili: alipangwa mechi gani? Refa mzoefu ndiye anayepewa watani na mechi za kushuka daraja. Wastani wake uko juu kwa sababu ya kazi anayopewa, si lazima kwa sababu ya mkono wake. Ndiyo maana napenda kugawa faulo kwa kadi. Refa anayetoa kadi kila baada ya faulo nne na yule wa kila baada ya faulo saba ni watu wawili tofauti, hata kama mwishoni wote wameandikiwa kadi nne kwa mechi.

Swali la tatu, ambalo wengi hulisahau: maagizo ya msimu. Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza msimu wa 2023/24, marefa waliagizwa kubana upotezaji muda na kumzonga refa, na njano zikapanda kwa mkupuo. Aliyetumia wastani wa msimu wa nyuma kwa refa yuleyule alikuwa anasoma gazeti la jana. Vivyo hivyo usimbebe refa kutoka ligi moja hadi nyingine. Hispania kadi hutoka kirahisi kuliko Uingereza.

Kwa hiyo refa ni muhimu kuliko timu?

Mwangalie Howard Webb, Mwingereza aliyewahi kuwa askari polisi. Kwao alijulikana kama mtu wa kuongea na wachezaji. Fainali ya Kombe la Dunia 2010, Uholanzi na Hispania, alitoa njano 14, na Heitinga akatoka kwa mbili. Hakubadilika usiku mmoja. Waholanzi walikuja na mpango wa kuvunja mpira wa Hispania kwa miguu, na dakika ya 28 De Jong alimpiga Xabi Alonso teke la kifuani, akapewa njano ambayo wengi waliona ilistahili nyekundu. Mtindo wa timu mbili ukigongana hivyo, wastani wa refa unabaki kabatini. Mimi huanza na timu, namweka refa kama kirekebisho, na ikiwa laivu matokeo yanaamua.

Kadi nyekundu ya mapema inafanya nini?

Kwenye kona, timu yenye 11 inapata zaidi, ile ya 10 karibu haipati. Jumla mara nyingi haibadiliki sana. Isipokuwa timu ya 11 ndiyo inayoongoza, hapo mechi hulala kabisa. Kwenye kadi, kuna refa anayeanza kusamehe ili asimalize mechi na watu tisa.

Ile sheria ya kipa na sekunde 8 imeongeza kona?

Tangu Julai 2025, kipa akiushika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8, adui anapewa kona badala ya ile faulo ya ndani ya boksi ambayo marefa walikuwa hawaitoi. Refa anahesabu tano za mwisho kwa vidole mkono ukiwa juu. Kipa anaona vidole, anaachia mpira. Ukibadilisha mkeka kwa sababu ya sheria hii unajisumbua.

Na ligi zetu za hapa?

Wengi wanaamini kampuni hazijui ligi yetu kwa hiyo ni rahisi. Kweli, hazina data nyingi. Ndiyo maana zinaweka makato makubwa na dau dogo, au hazifungui kabisa soko la kona. Na wewe pia huna data, isipokuwa ukae uwanjani na daftari. Nimewahi kuona takwimu za mechi moja kwenye tovuti mbili, moja ikisema kona 7, nyingine 9. Kabla ya kuweka, soma kampuni yako inatumia chanzo gani kulipa.

Mbona kwenye kadi wananiwekea kikomo cha dau?

Kwa sababu kadi moja iko mikononi mwa mtu mmoja. Kufunga bao kunahitaji wenzako na kipa wa adui. Kupata njano kunahitaji mguu wako tu. Mwaka 2018 chama cha soka cha Uingereza kilimfungia miaka 6 mchezaji wa zamani wa Lincoln City kwa kujipatia kadi makusudi katika mechi mbili za Kombe la FA, huku watu waliomjua wakiwa wamebeti kwamba atapewa. Tangu hapo ukiweka dau kubwa kwa mchezaji mmoja kupewa kadi, tegemea kuulizwa maswali, au kukuta soko limefungwa saa mbili kabla ya mechi.